Flaiwili ya mizunguko 600 kwa dakika: ikifika 300, imebakiza mizunguko mingapi kabla ya kusimama?

Kaka wa Makambako

Wakuu, habari za jioni. Nina mdogo wangu yuko kidato cha tano, anasoma PCM. Kaja na swali la fizikia ambalo limezua ubishi hapa nyumbani tangu jana. Naliweka kwa maneno yangu.

Flaiwili ya injini inazunguka mizunguko 600 kwa dakika. Injini inazimwa, flaiwili inaanza kupungua kasi kwa kiwango kilekile bila kubadilika mpaka inasimama. Kasi ilipofika mizunguko 300 kwa dakika, ilikuwa imeshazunguka mara 75 tangu izimwe. Itazunguka mara ngapi zaidi mpaka isimame kabisa?

Dogo kapata 25. Shemeji yetu, ambaye anaendesha mashine ya kusaga, kasema hapana. Hoja yake ni kwamba nusu ya kasi imekwisha kwa mizunguko 75, basi na nusu iliyobaki itakwisha kwa 75 nyingine. Tena anasema yeye flaiwili anaishi nayo kila siku, na siku zote kipande cha mwisho ndicho kinachochelewa, kwa hiyo hiyo 25 haimwingii akilini. Dogo naye fomula anaijua, ila ukimuuliza kwa nini iwe 25 anakurudishia fomula ileile.

Naomba mwenye uelewa anieleze kwa namna ambayo shemeji ataikubali, yaani bila kuanza na herufi za Kigiriki.

Mzee wa Oveholi

Hapo wote wawili wamekosa, mkuu. Twende taratibu. Mizunguko 600 kwa dakika ni mizunguko 10 kwa sekunde, hilo halina ubishi. Mizunguko 75 kwa kasi ya 10 kwa sekunde inachukua sekunde saba na nusu. Kwa kuwa kasi inapungua kwa kiwango kilekile, nusu ya pili nayo inachukua sekunde saba na nusu. Kasi sasa ni 5 kwa sekunde. Zidisha, unapata mizunguko 37 na nusu. Hiyo ndiyo inayobaki.

Dereva Mstaafu

Flaiwili ikishaanza kuchelewa hivyo usiichezee. Mimi kwenye Fuso yangu ilikuwa na mistari myeusi ya kuungua, klachi ikawa inateleza kila nikipanda mlima. Nilipeleka kwa watu wa leith wakaichonga uso, ikakaa sawa. Mwambie shemeji afungue aangalie uso wake kwanza kabla ya kubishana.

Kaka wa Makambako

Asante mzee, ila hii haina shida yoyote. Ni swali la darasani, tunataka kujua idadi ya mizunguko tu. Nadhani ya klachi ingefaa uzi wake.

@Mzee wa Oveholi sasa tuna majibu matatu, 25, 75 na 37 na nusu. Shemeji anacheka.

Bi Mekanika

Jibu ni 25, dogo yuko sahihi. Lakini nimefurahi kuona jibu la Mzee wa Oveholi, kwa sababu ndani yake mna jambo moja la kweli kabisa ambalo wengi hawalioni. Alisema nusu ya kwanza ya kasi na nusu ya pili zinachukua muda sawa. Hilo ni kweli, na ndilo maana halisi ya "kiwango kilekile". Kila sekunde inayopita inakula kiasi kilekile cha kasi, iwe flaiwili inakwenda mbio au inajikongoja.

Alipoteleza ni pale alipozidisha kwa kasi ya kuanzia. Flaiwili haikukaa kwenye 10 kwa sekunde muda wote ule. Ilianza na 10 ikamaliza na 5, na kwa kuwa inashuka sawasawa, wastani wake kwenye kipande hicho ni saba na nusu. Mizunguko 75 kwa wastani wa 7.5 kwa sekunde ni sekunde 10. Kipande cha pili nacho ni sekunde 10, kinaanza na 5 na kuishia na sifuri, wastani wake ni mbili na nusu. Sekunde 10 kwa mizunguko 2.5 kila sekunde ni mizunguko 25. Jumla ni 100, na muda wote tangu kuzima ni sekunde 20.

Sasa la shemeji. Kaka, mwambie afikirie kwamba kuna mtu ameirekodi flaiwili hiyo ikisimama, halafu anaicheza video kinyumenyume. Atakachokiona ni flaiwili iliyotulia inayoanza kuondoka, ikiongeza kasi sawasawa. Hapo hesabu inakuwa nyepesi, kwa sababu tunaanza na sifuri. Igawe video hiyo katika vipande vya sekunde mbilimbili:

```
sekunde 2 za mwisho     1
zilizotangulia hizo     3
zilizotangulia          5
                        7
                        9    (jumla hadi hapa 25)
                       11
                       13
                       15
                       17
sekunde 2 za kwanza    19    (jumla yote 100)
```

Kwenye sekunde mbili za mwisho kabisa flaiwili inazunguka mara moja tu. Kwenye sekunde mbili za kwanza baada ya kuzimwa ilizunguka mara 19. Muda ni uleule, upungufu wa kasi ni uleule wa mizunguko 60 kwa dakika kwa kila kipande, lakini mizunguko iliyofanyika haifanani hata kidogo. Ukijumlisha vipande vitano vya mwisho unapata 25, vitano vya mwanzo 75.

Hizo namba witiri, 1, 3, 5, 7, ndizo Galileo alizozieleza kuhusu vitu vinavyoanguka katika kitabu chake cha mwaka 1638, na alizipima kwa mpira unaobingirika kwenye mteremko. Mwendo wa flaiwili inayosimama ni huohuo, ila unausoma kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Kaka wa Makambako

Aisee. Nimemsomea shemeji hicho kijedwali namba kwa namba. Amekaa kimya kidogo, akasema "hiyo ya mzunguko mmoja kwa sekunde mbili za mwisho nimeshaiona kwa macho". Kwa hiyo kuchelewa anakokuona yeye ni kwa sababu kila mzunguko mmoja unachukua muda mrefu, si kwa sababu mizunguko ni mingi?

Bi Mekanika

Ndiyo hivyo. Mtu akiitazama flaiwili inayomalizikia anaona mkono mmoja wa gurudumu unapita, anasubiri, unapita tena. Jicho linahesabu muda, lakini swali linauliza mizunguko. Ile mizunguko mingi ilipita mwanzoni wakati mikono haionekani hata kuonekana, ni ukungu tu.

Radiani

Samahani wakubwa, mimi namaliza kidato cha sita mwaka huu, naona mmeichukulia kirahisi sana. Swali hili linatakiwa lifanywe kwa fomula ya mwendo wa kuzunguka:

```
ω² = ω₀² - 2αθ
```

ω₀ ni 62.8. Kutoka kwenye zile 75 unapata α ni 3.14. Ili isimame weka ω sifuri, θ inatoka 628. Toa 75, zinabaki 553. Nimerudia kwenye kikokotoo, namba haibadiliki. Sijui 25 inatoka wapi.

Bi Mekanika

Kikokotoo chako hakina kosa, na α yako ni sahihi. Tazama tu hiyo 628 ni 628 za nini. Uliingiza kasi kwa radiani kwa sekunde, kwa hiyo θ imetoka kwa radiani. Mzunguko mmoja kamili una radiani 6.28. Gawanya, unapata mizunguko 100. Halafu ukatoa 75 ambayo ni mizunguko kutoka kwenye 628 ambayo ni radiani, ndipo ikatokea 553 ambayo si radiani wala si mizunguko.

Kuna njia ya kuligundua kosa la aina hii bila mtu kukuambia. Flaiwili ilianza na mizunguko 10 kwa sekunde. Hata kama ingekaa kwenye 10 hiyo bila kupungua kwa sekunde 20 zote, isingezidi mizunguko 200. Jibu lolote linalopita hapo halina nafasi, liache mara moja.

Na kwa swali kama hili ambalo linaanza na mizunguko na kumaliza na mizunguko, hakuna kinachokulazimisha kupita kwenye radiani. Fomula ni ileile, weka mizunguko na sekunde moja kwa moja:

```
10² - 5² = 2 × a × 75      a = 0.5
5² = 2 × 0.5 × n           n = 25
```

Radiani utaihitaji ukianza kuhusisha nguvu ya breki au uzito wa gurudumu. Hapa haijafika.

Radiani

Nimeelewa, asante sana madam. Ila kuna kingine kimenishangaza. Nilijaribu kutafuta muda wa ile mizunguko 75 kwa fomula ya muda:

```
75 = 10t - 0.25t²
```

Nimepata t mbili, 10 na 30. Ile 10 inakubaliana na yako. Hii 30 ni ya nini wakati flaiwili imeshasimama kwenye sekunde ya 20?

Bi Mekanika

Swali zuri kuliko hata lile la mwanzo. Hesabu haijui kwamba flaiwili ikisimama imesimama. Inachojua ni kwamba kasi inapungua nusu mzunguko kwa sekunde, kila sekunde, bila kikomo. Ikifika sifuri kwenye sekunde ya 20 inaendelea kupunguza, kasi inakuwa hasi, maana yake gurudumu linaanza kurudi kinyume. Kufika sekunde ya 30 limerudi mizunguko 25, kwa hiyo umbali kutoka mwanzo ni 75 tena.

Msuguano haufanyi hivyo. Msuguano unapinga mwendo uliopo, na mwendo ukiisha nao unaacha. Hauwezi kulisukuma gurudumu lililotulia lirudi nyuma. Kwa hiyo kwa flaiwili inayosimamishwa na msuguano, jibu lolote la baada ya sekunde 20 unalitupa. Wewe mwenyewe ndiye unayetakiwa kujua muda wa kusimama kwanza, kabla hujaingiza t yoyote kwenye fomula. Kwenye mitihani kuna swali linalopenda kumnasa mtu hapo: wanakuuliza mizunguko ndani ya sekunde 30 wakati gurudumu linasimama kwenye 20. Anayeingiza 30 anapata 75. Jibu ni 100.

Posho ya Kitale

Hapo sasa mmenigusa. Mnasema flaiwili haiwezi kurudi nyuma, na yangu hurudi. Niko na kinu cha posho kinachoendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja. Nikifunga mafuta, gurudumu huzunguka likipunguza mwendo, halafu pale mwisho linasita, linarudi kinyume karibu nusu mzunguko, linayumba mbele na nyuma kidogo ndiyo litulie. Kila siku. Kijana wangu wa kazi alidhani injini ina kasoro. Hiyo ni nini kama si ile sekunde ya 30 ya huyu mwanafunzi?

Fundi wa Mlowo

Injini yako haina kasoro, hiyo ni kompresheni. Mimi natengeneza hizi mashine za kusaga, nyingi ni za muundo wa Lister wa zamani, zile za flaiwili mbili kubwa pembeni zinazokwenda mizunguko 650 kwa dakika.

Ukifunga mafuta bila kuinua kile kipini cha kuachia valvu, pistoni inaendelea kubana hewa kila inapopanda na valvu zimefungwa. Wakati gurudumu lina mbio hulioni hilo, linapita tu, na ile hewa iliyobanwa inamrudishia gurudumu sehemu kubwa ya nguvu pistoni inaposhuka. Lakini inafika mahali gurudumu limechoka, halina nguvu ya kuipeleka pistoni mpaka juu kabisa. Pistoni inapanda, inakwama karibu na kileleni, hewa inaisukuma irudi. Ndipo flaiwili inarudi kinyume.

Kwa hiyo kinachomrudisha wa Kitale ni hewa iliyobanwa, si msuguano. Na ndiyo sababu mizunguko ya mwisho inakatika ghafla. Inakatwa kabla haijafika ile "mzunguko mmoja kwa sekunde mbili".

Bi Mekanika

Fundi amelieleza vizuri. Naongeza tu kwamba hiyo si sekunde ya 30 ya Radiani. Hesabu yake inalirudisha gurudumu mizunguko 25 na kuendelea, wakati injini inarudi nusu mzunguko tu kisha inatulia. Na hapo ile sharti ya swali, upungufu wa kasi usiobadilika, imeshavunjika. Katika kila mizunguko miwili gurudumu linazuiwa kwa nguvu pistoni inapobana na kusukumwa inaposhuka. Ukichukua wastani wa mizunguko mingi wakati wa mbio, hesabu inaweza kukubali. Kwenye mizunguko michache ya mwisho haikubali.

Kaka wa Makambako

Shemeji yuko hapa pembeni, anauliza: ukiinua hicho kipini cha valvu ili hewa isibanwe, je, injini ya kweli inafuata hiyo robo tatu na robo?

Fundi wa Mlowo

Nina injini moja hapa karakana imemaliza matengenezo, bado haijafungwa mkanda wa kinu. Kesho nikipata nafasi nitaipima. Kuhesabu kwa macho haiwezekani, ila nitachora alama ya chaki kwenye ukingo wa flaiwili na kurekodi kwa simu.

Bi Mekanika

Fundi, tumia ile rekodi ya mwendo wa polepole, picha 240 kwa sekunde. Rekodi ya kawaida ya picha 30 haitakusaidia mwanzoni. Gurudumu la mizunguko 10 kwa sekunde linapata picha tatu tu kwa mzunguko, alama yako itaonekana kama iko sehemu tatu na imesimama, au inarudi taratibu kinyume. Kwa picha 240, kwenye mizunguko 650 kwa dakika utapata kama picha 22 kwa mzunguko mmoja, na ukifika nusu ya kasi utapata 44. Hizo zinahesabika.

Tuletee vitu viwili: muda kutoka kasi kamili hadi nusu, na muda kutoka nusu hadi kusimama. Vikiwa sawa, upungufu haubadiliki. Visipokuwa sawa, tutajua kabla hata ya kuhesabu mizunguko.

Posho ya Kitale

Na tafadhali asiweke mtu ubao wala mkono kulisimamisha. Nimeona mtu akivutwa na shati na gurudumu ambalo alidhani limeshaisha nguvu.

Mzee wa Oveholi

Nimesoma yote. Wastani nimeukubali, Bi Mekanika. Lakini nina swali la kikazi. Flaiwili nzito si inazunguka zaidi kuliko nyepesi? Kwenye hesabu zenu uzito haumo kabisa. Mngeweka uzito jibu lisingebadilika?

Bi Mekanika

Uzito umo, umejificha kwenye ile 0.5. Flaiwili nzito kwa msuguano uleule inapungua kasi polepole zaidi, kwa hiyo namba hiyo ingekuwa ndogo na mizunguko yote ingekuwa mingi. Si uzito peke yake pia, ni mahali ulipo. Chuma kikiwa kwenye ukingo mbali na ekseli kinashikilia mwendo kuliko chuma kilekile kikiwa katikati, ndiyo maana hizo flaiwili za zamani zina ukingo mnene na mikono myembamba.

Ila mgawanyo haubadiliki. Nzito au nyepesi, kama upungufu ni uleule mwanzo hadi mwisho, robo tatu ya mizunguko inakwisha kasi inapofika nusu, na robo inabaki. Swali la dogo limeshatoa ile 75, na ndani ya 75 hiyo uzito na msuguano vimeshahesabiwa.

Kitu kinachowashangaza wengi zaidi ni kasi ya kuanzia. Flaiwili hiyohiyo ikizimwa ikiwa kwenye 1200 badala ya 600, muda wa kusimama unaongezeka mara mbili, unakuwa sekunde 40, lakini wastani wa kasi nao umeongezeka mara mbili, unakuwa 10 kwa sekunde. Mizunguko ni 400. Mara nne, si mara mbili.

Radiani

Kwa hiyo hata robo tatu na robo ni jambo hilohilo? Nusu ya kasi ni robo ya mizunguko iliyobaki, kwa sababu ya mraba?

Bi Mekanika

Hilohilo. Ikifika theluthi ya kasi, imebakiza moja ya tisa. Ikifika sehemu ya kumi ya kasi, yaani 60 kwa dakika, imebakiza mzunguko mmoja kati ya 100. Rudi kwenye kijedwali utaukuta pale juu.

Fundi wa Mlowo

Nimepima, wakuu. Injini ilikuwa imewaka kama robo saa, mkanda haumo, nimefunga mafuta na kuinua kipini cha valvu papo hapo. Kasi ya kuanzia kwa kuhesabu picha ni 650 kwa dakika.

Kutoka 650 hadi 325: sekunde 26.
Kutoka 325 hadi kusimama kabisa: sekunde 38.

Mizunguko ya kipande cha pili nimeihesabu moja moja kwenye video, ni 98. Ya kipande cha kwanza sijahesabu, macho yalishindwa. Haikurudi nyuma mwishoni, ilitulia yenyewe taratibu.

Bi Mekanika

Kazi safi sana, fundi. Kumbe shemeji alikuwa anaona kitu cha kweli. Kama upungufu ungekuwa uleule, vipande viwili vingekuwa sekunde 32 kila kimoja. Hapa cha kwanza ni 26, cha pili 38. Injini hii inapoteza kasi haraka ikiwa mbioni, na polepole ikishatulia.

Tufanye makisio. Kipande cha kwanza, wastani wa 650 na 325 ni 487.5 kwa dakika. Kwa sekunde 26 ni kama mizunguko 211. Cha pili, wastani wa 162.5 kwa sekunde 38 ni 103, na wewe umehesabu 98. Tofauti hiyo ndogo inakwenda upande unaotarajiwa, kwa sababu hata ndani ya kipande hicho kasi ilishuka haraka zaidi mwanzoni, kwa hiyo wastani halisi uko chini kidogo ya katikati.

Tukichukua 211 na 98 tunapata kama 309. Kipande cha pili ni karibu theluthi ya mizunguko yote badala ya robo. Na mtu ambaye angepima muda wote tu, sekunde 64, akazidisha kwa nusu ya 650, angepata 347. Jibu lake limezidi kwa mizunguko kama 38. Kwa kazi nyingi kosa hilo linavumilika, ila ni vizuri kujua linaelekea upande gani.

Mzee wa Oveholi

Kinachokula kasi mwanzoni ni upepo. Ile mikono ya flaiwili mbili ni feni. Kaa karibu nayo utausikia upepo usoni.

Posho ya Kitale

Mimi nasema ni oili. Asubuhi yenye baridi huku Kitale injini nikiizungusha kwa hendeli ni nzito hata kipini kikiwa juu. Mchana ikishapata joto ni nyepesi. Oili nzito huzuia zaidi kadiri unavyozungusha haraka.

Fundi wa Mlowo

Mnasahau pistoni. Kipini kikiwa juu hewa haibanwi, lakini bado inaingia na kutoka kwenye kitundu cha valvu kila mzunguko. Ukiwa mbioni hewa nyingi inalazimishwa kupita pale kwa muda mfupi, unaisikia inavyopuliza. Mwishoni hata sauti hiyo haipo. Mimi nadhani hiyo ndiyo inayokula zaidi kuliko mikono.

Bi Mekanika

Zote tatu zinaongezeka kadiri kasi inavyoongezeka, kwa hiyo sekunde 26 na 38 peke yake hazitoshi kumtaja mkosaji. Msuguano mkavu wa chuma kwa chuma ndio ungekaribia kutoa vipande vilivyo sawa, na hapa ni dhahiri hauko peke yake.

Ya oili inaweza kupimwa. Fundi, ukipata nafasi rudia asubuhi injini ikiwa baridi, uiwashe kwa muda mfupi tu ifike 650, kisha uzime vilevile. Wa Kitale akiwa sahihi, sekunde 26 zitapungua waziwazi. Zikibaki palepale, tutahamia kwenye upepo na kitundu cha valvu.

Fundi wa Mlowo

Baridi ya Mlowo asubuhi inatosha kabisa. Ila hii mwenyewe anakuja kuichukua kesho. Ninayo nyingine inasubiri ringi za pistoni, flaiwili zake ni za saizi nyingine, kwa hiyo itabidi niipime moto na baridi zote mbili ili kulinganisha.

Kaka wa Makambako

Dogo ameandika 25 na ameweka kijedwali cha namba witiri chini yake kama maelezo. Shemeji naye ameshatafuta chaki, anasema Jumapili kinu hakisagi, ataipima ya kwake. Nimemwambia aandike kasi ya kuanzia na ainue kipini kwanza. Bi Mekanika, kwake mkanda haufunguki kirahisi. Akipima mkanda ukiwa umo na kinu kinazunguka kitupu, tutapata kitu cha maana au nimwambie aache?

Bi Mekanika

Apime. Vipande vitakuwa vifupi, kwa sababu nyundo za kinu nazo zinapiga hewa, na mkanda unakula nguvu kila unapojikunja kwenye puli. Ningetegemea tofauti kati ya kipande cha kwanza na cha pili iwe kubwa zaidi ya hii ya fundi. Achukue muda wa nusu mbili zilezile, na ahesabu mizunguko ya kipande cha pili tu.